Theluthi iliyoliwa na miezi saba: kisa cha taarifa ishirini za vipande

Mwenye vipande ni mama anayeuza vitambaa Kariakoo na kuishi Tabata. Ana akaunti katika mifuko miwili ya uwekezaji wa pamoja, ambako fedha unayoweka hununua vipande vya mfuko. Mmoja ni mchanganyiko, unaoweka fedha kwenye hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam na kwenye hatifungani, na ndiko iliko sehemu kubwa ya fedha yake. Mwingine ni wa ukwasi, unaokaa kwenye amana za benki na dhamana za muda mfupi. Kila mwisho wa mwezi hupata taarifa moja yenye thamani ya jumla ya mifuko yote miwili. Tarehe 6 ya kila mwezi huingiza Sh300,000 kwa simu.

Shemeji yake, ambaye ni mhasibu wa kampuni ya usafirishaji, alizipanga taarifa ishirini kwenye Excel, kuanzia Juni ya mwaka wa kwanza hadi Januari ya mwaka wa tatu, kisha akachora mstari. Kilele kilikuwa Desemba ya mwaka wa kwanza, milioni 11.45. Mwezi uliofuata ilibaki milioni 7.76. Alitoa jibu palepale: "Shemeji, hapa hela iliwahi kuliwa theluthi nzima. Ila nashukuru ilirudi haraka, miezi saba tu."

Hesabu ya kugawanya haikuwa na kosa. Kutoka 11.45 kwenda 7.76 ni pungufu la asilimia 32.2, na Julai iliyofuata taarifa ilisoma milioni 11.90, juu ya kile kilele. Lakini majibu yote mawili si ya kweli, na yamepotoka kila moja upande wake: anguko limekuzwa karibu mara nne, na muda wa kurudi kileleni umepunguzwa zaidi ya nusu.

Salio si mwenendo

Anguko kubwa kuliko yote ni umbali mrefu zaidi, kwa asilimia, kutoka kilele chochote hadi bonde linalofuata kabla kilele hicho hakijapitwa. Muda wa kurudi ni idadi ya miezi mpaka kipitwe. Vipimo hivi vinaulizia kazi iliyofanywa na fedha ikiwa mfukoni. Salio la taarifa linachanganya kazi hiyo na mikono ya mwenyewe: alichoweka na alichochomoa.

Januari mama alitoa Sh3,600,000 za ada za watoto, na mwezi huo hakuweka zile Sh300,000. Mfuko haukula fedha hiyo, shule ndizo zilizoichukua. Na Julai zamu yake ya mchezo ilipofika aliingiza Sh2,500,000 kwa mkupuo tarehe 6, mchango wa mwezi ukiwa humohumo. Ndiyo iliyolivusha salio juu ya kilele cha Desemba, maana mifuko yenyewe ilikuwa bado chini.

Kinachostahili kuogopwa zaidi ni kile ambacho mchoro wa shemeji haukukionyesha kabisa. Mwishoni mwa Septemba ya mwaka wa kwanza salio lilikuwa 11,230,000. Oktoba likawa 11,324,000. Kwa macho limepanda kwa Sh94,000. Lakini ndani yake mna Sh300,000 alizoweka mwenyewe, kwa hiyo mifuko ilipoteza Sh206,000. Novemba salio likasoma 11,323,000, limepungua elfu moja tu, kiasi cha kudhani ni makato. Hasara ya mwezi huo ilikuwa Sh301,000. Miezi miwili mizima ya kuanguka ilifunikwa na nidhamu ya mtu kuweka akiba. Anayeweka kila mwezi bila kukosa ndiye mwenye hatari kubwa ya kutoliona anguko lake.

Kusafisha mwezi mmoja mmoja

Dawa yake ni kutafuta asilimia ya kila mwezi baada ya kuondoa fedha iliyoingia na kutoka, kisha kuziunganisha asilimia hizo kuwa fahirisi inayoanzia 100. Kama angekuwa na mfuko mmoja tu usiotoa gawio, asingehitaji hata hesabu hii. Angechukua thamani ya kipande ya kila mwisho wa mwezi ikatosha, kwa sababu kuweka na kutoa hubadilisha idadi ya vipande, si bei yake. Ila kwa mifuko miwili yenye bei mbili, na fedha inayohama kati yake, hakuna kipande kimoja cha kutazama. Hapo hutumika njia ya Dietz, yenye jina la Mmarekani Peter Dietz:

```
E = (B mpya − B ya zamani − C) / (B ya zamani + C × D)
```

E ni asilimia ya mwezi. B ni thamani ya mwisho wa mwezi. C ni fedha halisi ya mwezi huo kutoka nje, kuingia kwa alama ya kujumlisha na kutoka kwa alama ya kutoa. D ni sehemu ya mwezi iliyokuwa imebaki fedha hiyo ilipohama. Sh300,000 za tarehe 6 Novemba zilikuta siku 24 kati ya 30, kwa hiyo D ni 0.8 na uzito wake ni Sh240,000.

Novemba basi: 11,323,000 toa 11,324,000 toa 300,000 ni hasi 301,000. Mtaji uliokuwa kazini ni 11,324,000 jumlisha 240,000, yaani 11,564,000. Jibu ni hasi asilimia 2.6.

Januari, mwezi uliomtisha shemeji: fedha ilitoka tarehe 10, zikiwa zimebaki siku 21 kati ya 31, D ikawa 0.6774. Juu ya mstari tuna 7,760,000 toa 11,450,000, kisha tunarudisha 3,600,000, inakuwa hasi 90,000. Chini ya mstari tuna 11,450,000 toa 2,439,000, inabaki 9,011,000. Mwezi ule wa "theluthi" mifuko ilishuka asilimia 1.0. Kati ya miezi sita ya kushuka, mmoja tu, Machi, ulikuwa na afadhali kuliko huo.

Kosa la alama ndilo linaloharibu kazi za watu wengi hapa. Fedha inayotoka ni hasi, na ukitoa hasi unajumlisha. Ukiandika C ya Januari kama 3,600,000 bila alama yake, Excel haitalalamika. Itakupa mwezi wa hasi asilimia 52, na ukiona namba ya namna hiyo usiende kumlaumu msimamizi wa mfuko kabla hujaitazama safu ya C.

D nayo inaonekana ndogo mpaka siku ya fedha kubwa. Kwa zile milioni 2.5 za Julai, faida ya mwezi ilikuwa Sh91,000. Ukizihesabu kana kwamba ziliingia siku ya mwisho, unapata karibu asilimia 1.0. Ukizipa uzito wa tarehe 6 unapata 0.8. Tofauti ya 0.2 ni ndogo, lakini inakaribia kutosha kuusogeza mwezi wa kurudi kileleni, kama itakavyoonekana hapo chini.

Kwenye Excel, Juni ikiwa mstari wa 2, hizi ndizo za mstari wa 3, kisha unaburuta hadi wa 21. F ni fahirisi, G ni kilele cha hadi mwezi huo, na H ni umbali kutoka kileleni. Ndani ya F2 na G2 andika 100, na ndani ya H2 andika 0.

```
E3: =(B3-B2-C3)/(B2+C3*D3)
F3: =F2*(1+E3)
G3: =MAX(F$2:F3)
H3: =F3/G3-1
Anguko kubwa: =MIN(H2:H21)
```

Alama ya dola kwenye `F$2` ndiyo inayofanya G kukumbuka kilele cha juu kuliko vyote vilivyopita. Ikisahaulika, G itatazama miezi miwili tu kila safari, na anguko la miezi sita litatoka likiwa limekatwa vipandevipande.

Kilichotoka

| Mwezi | Salio (Sh'000) | Fahirisi | Umbali kutoka kileleni |
|---|---|---|---|
| Sep, mwaka 1 | 11,230 | 103.13 | 0 |
| Okt | 11,324 | 101.28 | −1.8% |
| Nov | 11,323 | 98.64 | −4.4% |
| Des | 11,450 | 97.16 | −5.8% |
| Jan, mwaka 2 | 7,760 | 96.19 | −6.7% |
| Feb | 7,948 | 94.84 | −8.0% |
| Mac | 8,182 | 94.09 | −8.8% |
| Jul | 11,904 | 97.33 | −5.6% |
| Des | 14,132 | 102.90 | −0.2% |
| Jan, mwaka 3 | 14,561 | 103.82 | 0 |

Kilele halisi kilikuwa Septemba, si Desemba. Desemba, ambayo kwenye salio ndiyo kilele, ilikuwa tayari asilimia 5.8 ndani ya shimo. Anguko kubwa ni asilimia 8.8. Kushuka kulichukua miezi sita, Septemba hadi Machi, na kupanda kukachukua kumi, Machi hadi Januari. Jumla miezi kumi na sita chini ya kilele.

Muda wa kurudi una maana mbili na watu huzichanganya: wengine huhesabu kutoka bondeni (10), wengine kutoka kileleni (16). Andika zote mbili na useme ipi ni ipi. Ukilinganisha mfuko uliohesabiwa kutoka bondeni na mwingine uliohesabiwa kutoka kileleni, umelinganisha vitu viwili tofauti.

Kuna kipimo chepesi cha kujua kama jibu lina akili. Ukipoteza asilimia 8.8, kurudi hakuhitaji 8.8 bali 1 kugawanya kwa 0.912 toa 1, yaani karibu 9.6. Mifuko hii baada ya Machi ilipanda wastani wa asilimia 1 hivi kwa mwezi. Asilimia 9.6 kwa mwendo huo ni miezi tisa na kidogo, na kwa kuwa taarifa hutoka mwisho wa mwezi tu, unatarajia kumi. Ndivyo ilivyotoka.

Tazama na ile Desemba ya mwaka wa pili. Salio milioni 14.13, kubwa kuliko lilivyowahi kuwa, na bado fahirisi iko 0.2 chini ya kilele. Kama taarifa zingeishia hapo, jibu sahihi la muda wa kurudi lingekuwa "bado, miezi 15 sasa". Wengi huacha anguko lisilofungwa lisiingie kwenye hesabu, na hivyo kuliacha nje lile refu kuliko yote. Na kama ile Julai ingepewa asilimia 1.0 badala ya 0.8, pengo lote la Desemba lingezibwa isipokuwa chembe tu. Mwezi wa kurudi huamuliwa na desimali, ndiyo maana hatuzungushi fahirisi katikati ya kazi.

Februari iliyokuwa na laki nane hewani

Safari ya kwanza hesabu hii haikutoa 8.8. Ilitoa 17.4. Taarifa ya Februari ya mwaka wa pili, kama ilivyotumwa, ilisoma 7,148,000, siyo 7,948,000 ya kwenye jedwali. Februari ikawa hasi asilimia 11.4, na Machi ikawa chanya 9.9.

Jozi ya namna hiyo, kushuka kwa kishindo na kupanda kwa karibu kiasi hichohicho mwezi unaofuata, kwa mifuko ambayo kwa kawaida husogea asilimia moja au mbili, karibu kila mara ni karatasi, si soko. Mama alikuwa ameingiwa na hofu mwisho wa Februari, akaomba Sh800,000 zihamishwe kutoka mfuko mchanganyiko kwenda wa ukwasi. Vipande vilifutwa upande mmoja kabla ya mwezi kwisha. Upande wa pili viliandikwa Machi, baada ya malipo kukamilika. Siku taarifa ilipochapwa, fedha haikuwa kwenye mfuko wowote.

Uthibitisho uko kwenye orodha ya miamala, siyo kwenye salio: kuna mstari wa kuuza vipande mwisho wa Februari na wa kununua vingine mwanzo wa Machi, kwa kiasi kilekile. Marekebisho ni kuongeza 800,000 kwenye B ya Februari, basi. Usiiandike kwenye C, maana fedha haikutoka nje ya mikono yake. Ukiiandika kama kutoka Februari na kuingia Machi, anguko la uongo litaondoka, lakini mtaji wa mwezi utakuwa si wenyewe.

Ndugu wa tatizo hili ni gawio. Mfuko unaotoa gawio hushusha bei ya kipande gawio linapokatwa kwenye thamani yake. Anayefuata bei peke yake ataona anguko ambalo kwa kweli ni fedha iliyoingia benki kwake. Kwa njia ya Dietz gawio lililolipwa nje huandikwa C kwa alama ya kutoa, na likirudishwa kununua vipande haliandikwi popote. Mifuko ya mama huyu haikutoa gawio, kwa hiyo haikuleta shida.

Ambacho mwisho wa mwezi hauoni

Asilimia 8.8 ni ya taarifa za mwezi. Kati ya taarifa na taarifa soko haliendi kulala. Bei ya kila siku ya kipande cha mfuko mchanganyiko ilifika 416 katikati ya Septemba, na mwezi ukafungwa kwa 412. Machi ilishuka hadi 361 kabla ya kufunga kwa 366. Kwa bei za mwisho wa mwezi mfuko huo ulianguka asilimia 11.2, na kwa bei za kila siku 13.2. Hii ni kanuni, si bahati ya mfuko huu: anguko la taarifa za mwezi haliwezi kamwe kuzidi lile la bei za kila siku, maana siku za mwisho wa mwezi zimo ndani ya siku zote. Lichukulie kama sakafu.

Utaona pia mfuko huo peke yake ulianguka zaidi ya jumla ya mama, na Januari ya mwaka wa tatu kipande kilikuwa 405, bado hakijafika 412. Jumla yake ilirudi mapema kwa sababu ule mfuko mdogo wa ukwasi haukushuka hata mwezi mmoja. Lakini tusiusifu kupita kiasi. Thamani yake hukua kwa kuongezewa riba ya kila siku, kwa hiyo mstari wake hauna pa kutetereka. Mstari ulionyooka unaeleza jinsi ya kuthamini zaidi kuliko unavyoeleza hatari.

Swali ambalo mama mwenyewe aliliuliza lilikuwa la shilingi: "Mimi nilipoteza ngapi, na zimerudi?" Kutoka Septemba hadi Machi salio lilishuka kwa Sh3,048,000. Kati ya hizo 2,100,000 ni tofauti ya alichotoa na alichoweka. Hasara ni Sh948,000. Faida za miezi iliyofuata zilifika 911,000 Novemba na 1,050,000 Desemba, kwa hiyo shilingi zake zilirudi mwezi mmoja kabla ya fahirisi. Haikuwa kazi ya mifuko. Zile milioni 2.5 za mchezo ziliingia bei ikiwa chini, mtaji mkubwa zaidi ukapanda nayo. Zingeingia Septemba ya kilele, mambo yangekuwa kinyume. Ndiyo sababu shilingi hazifai kuupimia mfuko, ingawa ndizo anazolala nazo mtu.

Kuhusu kupanda kwa bei za bidhaa: tukichukulia mfumuko wa bei wa asilimia 3 kwa mwaka, miezi 16 inakisukuma kilele cha 103.13 hadi 107.3. Fahirisi ya 103.82 haijafika. Kwa mwendo uleule wa asilimia 1, ingehitaji miezi mitano zaidi.

Mpango wa ada sasa. Ada ni Sh3,600,000 kila Januari, ingawa ya mwaka wa tatu hakuitoa humu, na michango ya mwaka mzima, 300,000 mara 12, ni hizohizo 3,600,000. Anguko hili lilikaa miezi 16, na ada haisubiri zaidi ya 12. Fedha ya ada iliyokaa kwenye mfuko mchanganyiko ilikuwa lazima itolewe ndani ya shimo, na ilitolewa fahirisi ikiwa imeshashuka asilimia 6. Kuanzia Februari ya mwaka wa tatu maelekezo ya simu yalibadilishwa: michango ya kila tarehe 6 inakwenda ukwasi moja kwa moja, ya zamani imebaki mchanganyiko bila kuguswa. Shemeji ameongeza safu ya H kwenye faili lake, na ule mchoro wa salio ameufuta.